Umbo la kike la majina ya kazi katika Kifaransa

Umbo la kike la majina ya kazi katika Kifaransa ni neno linalotumika kumtaja mwanamke kwa kazi, cheo au wadhifa wake, pale ambapo mwanamume mwenye kazi hiyohiyo hutajwa kwa umbo la kiume. Kwa mfano, muuzaji mwanamume huitwa *vendeur* na muuzaji mwanamke huitwa *vendeuse*. Utaratibu wa kuunda na kutumia maumbo hayo huitwa kwa Kifaransa *féminisation des noms de métiers*.

Maumbo mengi ya kike hufuata kanuni chache za sarufi zilizo wazi. Hata hivyo, katika karne ya 20 na mwanzoni mwa karne ya 21 maneno kama *présidente*, *la ministre*, *professeure* na *autrice* yalizusha mabishano makali, hasa nchini Ufaransa. Kazi za dukani, mashambani na viwandani zilikuwa na majina ya kike kwa karne nyingi bila mtu kulalamika. Upinzani ulitokea hasa kwenye vyeo vya juu, ambavyo wanawake walianza kuvishika baadaye.

## Jinsia katika sarufi ya Kifaransa

Kila nomino ya Kifaransa ina jinsia ya kisarufi, ya kiume au ya kike. Vitu navyo vina jinsia: meza (*la table*) ni ya kike na kitabu (*le livre*) ni cha kiume, bila sababu inayotokana na maana. Kwa nomino za watu, jinsia ya neno kwa kawaida hulingana na jinsia ya mtu anayetajwa.

Kiswahili hakina utaratibu huu. Maneno *mwalimu*, *daktari*, *waziri* na *rais* humtaja mwanamume au mwanamke bila kubadilika, na upatanisho wa ngeli ya A-WA ni uleule. Sentensi "Mwalimu mpya amefika" haisemi kama mwalimu huyo ni mwanamume au mwanamke. Anayeitafsiri kwa Kifaransa hulazimika kuchagua:

* *Le nouveau professeur est arrivé.* (mwanamume)
* *La nouvelle professeure est arrivée.* (mwanamke)

Tofauti iko mahali pane: kwenye kibainishi (*le/la*), kivumishi (*nouveau/nouvelle*), nomino (*professeur/professeure*) na kitenzi (*arrivé/arrivée*). Katika matamshi, hata hivyo, tofauti inasikika kwenye maneno mawili ya kwanza tu. *Professeur* na *professeure* hutamkwa sawa, na *arrivé* na *arrivée* vilevile, kwa sababu herufi *e* ya mwisho haitamkwi. Pengo hili kati ya maandishi na sauti ni muhimu kwa kuelewa baadhi ya mabishano yanayoelezwa hapa chini.

## Viishio vya kawaida

| Kiume | Kike | Mfano wa kiume | Mfano wa kike | Maana |
|---|---|---|---|---|
| – | -e | avocat | avocate | wakili |
| -er | -ère | boulanger | boulangère | mwoka mikate |
| -ien | -ienne | pharmacien | pharmacienne | mfamasia |
| -f | -ve | sportif | sportive | mwanamichezo |
| -eur | -euse | coiffeur | coiffeuse | msusi, kinyozi |
| -teur | -trice | directeur | directrice | mkurugenzi |
| -e | -e | journaliste | journaliste | mwandishi wa habari |

### Kuongeza herufi *e*

Njia rahisi ni kuongeza *e* mwishoni mwa umbo la kiume: *étudiant/étudiante* (mwanafunzi), *président/présidente* (rais, mwenyekiti), *député/députée* (mbunge). Neno likiishia kwa konsonanti isiyotamkwa, *e* hiyo huifanya itamkwe. Herufi *t* ya *avocat* haisikiki, lakini ya *avocate* husikika. Neno likiishia kwa irabu, kama *député*, matamshi hayabadiliki na msikilizaji hutegemea kibainishi *le* au *la*.

Kwa maneno yanayoishia kwa *-er*, umbo la kike hupata pia alama juu ya *e* iliyotangulia: *infirmier/infirmière* (muuguzi), *ouvrier/ouvrière* (mfanyakazi wa kiwandani). Kwa yale yanayoishia kwa *-ien*, herufi *n* hurudiwa: *mécanicien/mécanicienne* (fundi mitambo).

### Viishio *-euse* na *-trice*

Kundi la *-eur* ndilo linalowasumbua zaidi wanafunzi, kwa kuwa lina maumbo ya kike zaidi ya moja. Kuna jaribio linalosaidia mara nyingi. Chukua kitenzi kinachohusiana na kazi hiyo, kiweke katika umbo linaloishia kwa *-ant*, kisha ondoa *-ant* na uweke *-eur*. Ukipata jina la kazi lilelile, umbo la kike huwa *-euse*.

* *vendre* (kuuza) → *vendant* → *vendeur*. Kwa hiyo *vendeuse*.
* *chanter* (kuimba) → *chantant* → *chanteur*. Kwa hiyo *chanteuse*.
* *chercher* (kutafuta) → *cherchant* → *chercheur* (mtafiti). Kwa hiyo *chercheuse*.

Jaribio likishindwa na neno linaishia kwa *-teur*, umbo la kike huwa *-trice*:

* *traduire* (kutafsiri) → *traduisant*. Neno lililopo si *traduiseur* bali *traducteur*. Kwa hiyo *traductrice*.
* *conduire* (kuendesha) → *conduisant*. Jina ni *conducteur* (dereva). Kwa hiyo *conductrice*.

Mfano wa *chanteuse* unaonyesha kwa nini haitoshi kutazama herufi za mwisho tu. *Chanteur* nalo linaishia kwa *-teur*, lakini *t* yake ni sehemu ya shina la kitenzi *chanter*. Zipo hali chache za pekee za kukariri. *Éditeur* (mchapishaji) na *inspecteur* (mkaguzi) vina *t* ndani ya shina la kitenzi, lakini maumbo yao ya kike ni *éditrice* na *inspectrice*.

### Maneno yasiyobadilika

Maneno mengi yanayoishia kwa *e* yana umbo moja kwa jinsia zote mbili: *ministre* (waziri), *juge* (hakimu), *architecte* (msanifu majengo), *dentiste* (daktari wa meno), *secrétaire* (katibu). Hapa kibainishi pekee huonyesha jinsia: *le juge*, *la juge*. Neno likianza kwa irabu, vibainishi *le* na *la* vyote hufupishwa kuwa *l'*, na *l'architecte* haonyeshi jinsia hadi lije neno lingine linalopatanishwa nalo.

Kuna pia nomino za watu zenye jinsia moja tu ya kisarufi, yeyote anayetajwa. *Une personne* (mtu) na *une victime* (mwathirika) ni za kike hata kwa mwanamume. *Un témoin* (shahidi) kwa kawaida ni cha kiume hata kwa mwanamke.

### Kiishio *-esse*

Kiishio hiki kilikuwa cha kawaida katika Kifaransa cha kale, nacho kimebaki katika maneno kama *princesse* (binti mfalme) na *hôtesse* (mwenyeji wa kike, mhudumu wa ndege). Siku hizi si rahisi kuunda maneno mapya kwa kiishio hiki. Wanawake wengi wanaotunga mashairi hupendelea kuitwa *une poète* kuliko *poétesse*, wakiona kwamba neno la pili lina dharau. Katika lugha ya mahakama imebaki pia *-eresse*: mdai mwanamke huitwa *demanderesse* na mdaiwa mwanamke *défenderesse*.

## Maneno yenye utata

### *Professeure*, *ingénieure*, *procureure*

Baadhi ya majina ya kazi yanayoishia kwa *-eur* hayana kitenzi kinachotumika leo kwa maana hiyohiyo. Miongoni mwao ni *professeur* (mwalimu, profesa), *ingénieur* (mhandisi) na *procureur* (mwendesha mashtaka). Kwa hayo, jaribio la *-euse* na *-trice* halitoi jibu. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilieneza suluhisho la kuongeza *e*: *professeure*, *ingénieure*, *procureure*. Wapinzani walisema kwamba *-eure* ni kiishio cha maneno machache tu yaliyotokana na vivumishi vya Kilatini vya kulinganisha, kama *supérieure* na *prieure* (mkuu wa watawa), na kwamba hakifai majina ya kazi. Waliokitetea walijibu kwamba watu wamekizoea na kwamba hakibadilishi matamshi, hivyo ni rahisi kukubalika.

### *Auteure* au *autrice*

Mwandishi wa kitabu huitwa *auteur*. Kwa mwanamke kuna maumbo mawili yanayoshindana. *Auteure* lilienea kutoka Quebec. *Autrice* linafuata kanuni ya kawaida ya *-teur/-trice*, kama *actrice* (mwigizaji wa kike), ambalo halijawahi kumshangaza mtu.

*Autrice* si neno jipya. Lilitumika tayari katika karne ya 16 na ya 17, kisha likapigwa vita na baadhi ya wanasarufi na waandishi, likatoweka karibu kabisa katika kamusi. Kwa sababu hiyo, wengi waliolisikia tena mwanzoni mwa karne ya 21 walidhani limebuniwa wakati huo. Wanaolipendelea hutoa pia hoja ya sauti: tofauti kati ya *auteur* na *auteure* haisikiki, lakini *autrice* husikika hata redioni.

### *Cheffe*, *médecin*, *maire*

*Chef* (mkuu, kiongozi, pia mpishi mkuu) lingeweza kufuata kanuni ya *-f/-ve*, lakini umbo la namna hiyo halikushika. Uswisi ilianza mapema kutumia *cheffe*, na umbo hilo limeenea Ufaransa pia, ingawa wengine husema *la chef*.

*Médecin* (daktari) lina kikwazo cha aina nyingine. Kwa kuongeza *e* hupatikana *médecine*, ambalo ni jina la elimu ya tiba yenyewe. Kwa hiyo daktari mwanamke huitwa *une médecin*, bila kubadili nomino. Si kila mgongano wa namna hii ulizuia umbo la kike, kwa maana *cafetière* lilimaanisha mwanamke mwenye mkahawa na pia birika la kahawa, na *moissonneuse* ni mwanamke anayevuna na pia mashine ya kuvunia.

*Maire* (meya) huonyesha tofauti kati ya nchi. Anne Hidalgo, aliyeingia madarakani mwaka 2014, aliitwa *la maire de Paris*. Valérie Plante, aliyechaguliwa Montréal mwaka 2017, aliitwa *la mairesse de Montréal*.

## Historia

### Kazi za zamani na maana ya "mke wa"

Katika Ufaransa ya zama za kati wanawake wa mjini walifanya kazi nyingi, na lugha iliwapa majina. Kifaransa cha kale kilikuwa hata na neno *miresse*, yaani mwanamke anayetibu, sambamba na *mire*, tabibu. Wanawake walipozuiwa kuingia vyuo vikuu na nyadhifa za umma, majina ya kike ya kazi za kisomi yalikosa watu wa kuyabeba.

Baadhi ya majina hayo yalibaki kwa maana nyingine. *La présidente* alikuwa mke wa rais wa mahakama, *l'ambassadrice* mke wa balozi, *la générale* mke wa jenerali na *la préfète* mke wa mkuu wa mkoa. Hili lilikuwa na matokeo ya muda mrefu. Wanawake wa kwanza kupewa vyeo hivyo wenyewe waliogopa kwamba wakiitwa kwa umbo la kike watadhaniwa kuwa wake za wakubwa. Wengi wao walichagua umbo la kiume ili isiwepo shaka kwamba cheo ni chao.

Umbo la kike lilipokuwepo, mara nyingi lilibeba hadhi ya chini kuliko la kiume. *Couturier* ni mbunifu wa mavazi ya kifahari, lakini *couturière* ni mshonaji nguo. *Entraîneur* ni kocha, lakini *entraîneuse* lilikuwa jina la mwanamke aliyeajiriwa katika baa ili kuwashawishi wateja wanywe. Mkuu wa shule ya msingi aliitwa *directrice* bila tatizo, lakini mwanamke aliyeongoza idara kuu wizarani aliitwa *Madame le directeur*.

Sheria ya tarehe 1 Desemba 1900 iliwaruhusu wanawake wa Ufaransa kuwa mawakili. *Avocate* ni umbo la kawaida kabisa, lakini kwa miaka mingi baadaye baadhi ya mawakili wanawake waliendelea kujiita *avocat*. Namna ya kumwita wakili kwa heshima ni *Maître* kwa wanaume na wanawake, kwani *maîtresse* humaanisha mwalimu wa watoto wadogo au hawara.

### Hatua za serikali

Serikali ya kwanza kuchukua hatua ilikuwa ya Quebec. Mwezi Julai 1979 ofisi ya lugha ya jimbo hilo ilipendekeza rasmi kwamba majina ya kike yatumike kila inapowezekana.

Nchini Ufaransa, mwaka 1984, waziri wa haki za wanawake Yvette Roudy aliunda tume ya istilahi iliyoongozwa na mwandishi Benoîte Groult. Akademia ya Ufaransa (*Académie française*), taasisi iliyoanzishwa mwaka 1635 kusimamia lugha, ilipinga mara moja. Hoja yake ilikuwa kwamba umbo la kiume katika Kifaransa ni umbo lisilo na alama, linaloweza kumtaja mtu wa jinsia yoyote. Waziri mkuu Laurent Fabius alisaini waraka wa kutumia maumbo ya kike tarehe 11 Machi 1986, siku tano kabla ya uchaguzi wa wabunge ambao chama chake kilishindwa. Waraka huo haukufutwa, lakini kwa muda mrefu haukufuatwa.

Ubelgiji ya Kifaransa ilipitisha sheria yake tarehe 21 Juni 1993. Suala liliamka tena Ufaransa mwaka 1997, mawaziri wanawake wa serikali ya Lionel Jospin walipotaka kuitwa *Madame la ministre*. Waraka mpya ulitolewa tarehe 6 Machi 1998, na mwaka 1999 wataalamu wa lugha walichapisha mwongozo wenye orodha ndefu ya majina ya kazi na maumbo yake ya kike.

Katika kisa cha *la ministre* nomino yenyewe haikubadilika. Mzozo ulikuwa juu ya kibainishi tu. Waliotetea *le ministre* walisema kwamba wadhifa si mali ya mtu anayeushika, hivyo hauna jinsia. Waliopinga walionyesha kwamba umbo la kiume huleta sentensi zinazogongana zenyewe, kama *Le ministre est enceinte* ("Waziri ni mjamzito"), ambapo kibainishi ni cha kiume na kivumishi kinamhusu mwanamke tu.

## Kisa cha bunge mwaka 2014

Tarehe 6 Oktoba 2014 kikao cha Bunge la Taifa la Ufaransa kiliongozwa na Sandrine Mazetier, makamu wa rais wa bunge kutoka chama cha Kisoshalisti. Mbunge wa upinzani Julien Aubert alimwita *Madame le président*. Mazetier alimtaka aseme *Madame la présidente*, na Aubert alikataa, akisema kwamba anafuata kanuni za Akademia ya Ufaransa.

Mazetier alimpa onyo linaloandikwa katika kumbukumbu za kikao. Kwa kanuni za bunge, onyo la namna hiyo humfanya mbunge apoteze robo ya posho yake ya mwezi mmoja. Aubert alikatwa euro 1,378.

Adhabu hiyo haikutokana na sheria ya lugha inayowabana raia wote. Tangu mwaka 1998 maagizo ya ndani ya bunge yalisema kwamba nyadhifa za ndani ya bunge zitajwe kwa jinsia ya mtu anayezishika. Kwa upande wa Mazetier, kwa hiyo, lilikuwa suala la nidhamu ya kikao. Wabunge wa upande wa Aubert walipinga na kuona kwamba mtu ameadhibiwa kwa kuzungumza Kifaransa kilichozoeleka.

Siku nne baadaye, tarehe 10 Oktoba, Akademia ilitoa tamko. Haikupinga kila umbo la kike, lakini ilikataa mpango wa kuyalazimisha yote kwa pamoja, na ilitaja *professeure*, *auteure*, *ingénieure* na *procureure* miongoni mwa maneno yanayoharibu lugha.

## Mabadiliko ya mwaka 2019

Tarehe 28 Februari 2019 Akademia ilipitisha ripoti iliyoandaliwa na kamati ya wanachama wake, ikikiri kwamba hakuna kikwazo cha msingi cha kutumia maumbo ya kike kwa majina ya kazi. Haikutoa orodha ya lazima, bali ilisema kwamba matumizi ya watu ndiyo yatakayoamua kati ya maumbo yanayoshindana. Kuhusu vyeo vya juu na nyadhifa za dola ilikuwa na tahadhari zaidi, kwa kuwa baadhi ya wanawake wanaozishika hupendelea umbo la kiume.

Mfano ulikuwa ndani ya Akademia yenyewe. Hadi mwaka 1980, alipochaguliwa Marguerite Yourcenar, taasisi hiyo haikuwa na mwanachama mwanamke. Kiongozi wake tangu mwaka 1999 hadi kifo chake mwaka 2023 alikuwa Hélène Carrère d'Encausse, naye alitaka aitwe *Madame le secrétaire perpétuel*, kwa umbo la kiume.

Tofauti ya vizazi inaonekana pia kwenye uwaziri mkuu. Édith Cresson, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo Ufaransa (1991–1992), alitajwa katika hati rasmi kama *le Premier ministre*. Élisabeth Borne, wa pili (2022–2024), alitajwa kama *la Première ministre*.

## Tofauti na uandishi jumuishi

Majina ya kike ya kazi mara nyingi huchanganywa na uandishi jumuishi (*écriture inclusive*), lakini ni mambo mawili. La kwanza linahusu neno la kumtaja mwanamke mmoja anayejulikana au kundi la wanawake. La pili linahusu namna ya kuandika juu ya kundi la wanaume na wanawake kwa pamoja. Kwa kanuni ya kawaida, kundi lenye mwanamume hata mmoja hutajwa kwa umbo la kiume: *les étudiants*. Uandishi jumuishi huweka maumbo yote mawili, ama kwa ukamilifu (*les étudiantes et les étudiants*) au kwa nukta ya katikati: *les étudiant·e·s*. Pingamizi kubwa dhidi ya nukta hiyo ni kwamba neno lililoandikwa hivyo ni gumu kulisoma kwa sauti, hasa kwa watoto wanaoanza kusoma.

Mtu anaweza kukubali moja na kukataa lingine, na ndivyo serikali ya Ufaransa ilivyofanya. Waraka wa waziri mkuu Édouard Philippe wa tarehe 21 Novemba 2017 ulizuia uandishi jumuishi katika maandiko yanayochapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, na papo hapo ukaagiza kwamba wanawake wenye nyadhifa watajwe kwa umbo la kike. Waraka wa wizara ya elimu wa mwaka 2021 ulifuata mkondo huohuo kwa shule.

## Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati

Kifaransa hutumika pamoja na Kiswahili katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda, na huko mabadiliko haya yanaonekana pia. Mwaka 1993 Sylvie Kinigi alikuwa waziri mkuu wa Burundi na Agathe Uwilingiyimana waziri mkuu wa Rwanda, wakati ambapo desturi ya Kifaransa rasmi ilikuwa bado *Madame le Premier ministre*. Judith Suminwa Tuluka, aliyeteuliwa mwaka 2024 kuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo Kongo, huitwa *la Première ministre*.

Kwa Kiswahili wote watatu ni "Waziri Mkuu", na msomaji hujua jinsia kwa jina la mtu au kwa neno la heshima kama *Bi* au *Mama*. Vivyo hivyo, magazeti ya Kifaransa humwita Samia Suluhu Hassan wa Tanzania *la présidente*, ingawa neno *rais* lenyewe halikubadilika alipoapishwa mwaka 2021. Mtafsiri kutoka Kiswahili hawezi, kwa hiyo, kutegemea nomino peke yake. Akikuta "mkurugenzi alisema" bila jina, ni lazima atafute mahali pengine katika maandishi kama aandike *le directeur* au *la directrice*, kwa kuwa katika Kifaransa kuchagua umbo la kiume bila kuuliza ni kutoa taarifa ambayo huenda si ya kweli.